Baka la Bosi lisihame jicho: kumgeuza mbwa wa nyumbani kuwa katuni ya jezi

Mtoto akionyeshwa katuni ya mbwa wake hajali sana uzuri wa mchoro. Anatafuta baka la jichoni na sikio lililokunjika. Asipoviona atasema huyo ni mbwa wa jirani, na hapo mchoraji hata awe hodari vipi, kazi imeharibika.

Chukua mfano wa Bosi, mbwa wa kienyeji katika nyumba ya wafugaji huko Mwandoya, wilayani Meatu mkoani Simiyu. Watoto wa nyumba hiyo wana timu ya mtaani na wanataka Bosi awe nembo kwenye jezi zao, kama alivyokuwa Zakumi, yule chui wa Kombe la Dunia la mwaka 2010. Bosi ni kahawia. Ana baka jeusi kwenye jicho la kushoto, mstari mweupe katikati ya paji la uso, kifua cheupe na miguu ya mbele iliyo kama imevishwa soksi. Sikio lake la kulia limesimama, la kushoto limekunjika katikati. Jezi ikishachapwa haifutiki, kwa hiyo ni lazima mambo yakae sawa kuanzia kwenye picha.

Picha nyingi za mbwa hupigwa mtu akiwa amesimama, simu ikielekezwa chini. Hapo pua inakuwa kubwa na masikio yanaonekana madogo, yamerudi nyuma. Piga goti hadi simu iwe usawa wa macho ya mbwa, rudi nyuma hatua mbili au tatu, kisha vuta picha kidogo. Simu ikiwa karibu mno hupanua kilicho mbele yake, hata ukiwa na simu ya bei kubwa. Piga asubuhi au kwenye kivuli cha mti. Jua la saa sita huunguza sehemu nyeupe na kuweka vivuli vyeusi ambavyo baadaye mtu huvichora akidhani ni mabaka.

Usitumie kamera ya mbele. Baadhi ya simu huigeuza picha ya kamera hiyo kama kioo, na baka la kushoto linahamia kulia. Njia rahisi ya kujua ni kutazama maandishi yaliyoingia kwenye picha, labda kwenye fulana ya mtoto au ndoo: yakisomeka kinyume, picha imegeuka. Kumbuka pia kwamba mbwa akikutazama, kushoto kwake ni kulia kwako. Andika nyuma ya karatasi “jicho la kushoto la Bosi mwenyewe” ili fundi wa kuchapa asibahatishe.

Piga tatu: uso kwa mbele, ubavu wa kulia na ubavu wa kushoto. Mabaka ya pande mbili za mnyama hayalingani. Watafiti wanaotambua twiga mmoja mmoja kwa michoro ya ngozi katika eneo la Tarangire huwapiga picha ubavu wa kulia tu, kwa sababu ubavu mmoja hauwezi kulinganishwa na mwingine.

Sasa masikio. Sikio la mbwa hubadilika kwa hali yake. Akiogopa hulala nyuma, akisinzia hulegea. Mwite au tikisa sufuria ya chakula, na bonyeza mara tu anapoinua kichwa. Huo ndio umbo ambalo watoto wanalijua.

Peleka picha ya uso kwenye duka la steshenari, ichapishwe ijaze karatasi ya A4. Ibandike kwenye kioo cha dirisha mchana, weka karatasi nyeupe juu yake na fuatisha kwa penseli. Kwa kila sikio weka alama ya pale linapoanza upande wa ndani, pale linapoanza upande wa nje, na ncha. Kwa sikio lililokunjika ongeza alama ya mkunjo. Ukiziunganisha alama hizo, umbo la sikio limepatikana kabla hujaweka urembo wowote.

Kisha pima kwa rula. Tuseme kichwa cha Bosi kwenye karatasi kina upana wa sentimita 8, sikio lililosimama lina urefu wa 6, na nafasi kati ya masikio ni 4. Nembo ya kifuani ikitakiwa kichwa chenye upana wa sentimita 4, basi sikio liwe 3 na nafasi iwe 2. Nafasi hiyo ndiyo husahaulika zaidi. Masikio yakisogezwa pembeni, Bosi anafanana na mwanakondoo. Yakibanwa juu, anakuwa sungura. Ukitaka kutia chumvi, na katuni inaruhusu, ongeza kile ambacho mnyama tayari anacho: sikio lenye ncha liwe na ncha kali zaidi, lisifanywe la mviringo kwa sababu tu linapendeza.

Mabaka yana shida nyingine. Katuni hukuza macho na kufupisha mwili, hivyo baka likinakiliwa kwa ukubwa wake wa kwenye picha linajikuta mahali pasipo pake. Jicho la Bosi likikuzwa mara mbili, linameza baka lote na kubakiza ukingo mwembamba, kana kwamba kavaa miwani. Dawa ni kulieleza baka kwa mahali linapoanzia na linapoishia: linaanzia kona ya ndani ya jicho, linapanda juu ya nyusi, linaishia shina la sikio. Likichorwa kwa maelezo hayo, linakua pamoja na jicho. Na kwa kuwa jicho jeusi ndani ya baka jeusi halionekani, acha duara jeupe kulizunguka.

Si kila doa liingie. Mwambie mtoto aeleze mbwa wake bila kutazama picha, na andika anayoyataja kwanza. Kwa Bosi itakuwa baka, sikio lililokunjika na soksi. Mstari wa paji la uso ubaki pia, kwa sababu ndio unaolitenga baka. Madoa madogo ya tumboni yaachwe. Nyeupe ya kifua na miguu haiko pale kwa bahati: mimba ikikua, chembe zinazotengeneza rangi husambaa kutoka mgongoni, na mara nyingi hazifiki vya kutosha kifuani, kwenye nyayo na ncha ya mkia. Ndiyo maana mbwa aliyewekewa nyeupe mgongoni huku miguu ikiwa na rangi huonekana wa kubuni.

Kwa jezi, rangi tatu zinatosha: nyeusi, nyeupe na kahawia. Kwenye uchapaji wa fremu za nyavu kila rangi ina fremu yake, kwa hiyo rangi ya nne ni gharama na ni nafasi nyingine ya rangi kukosa mahali pake. Usipake kivuli chini ya kidevu, maana kwenye kitambaa kitasomeka kama baka la pili. Jezi ikiwa nyeusi au kahawia, zungushia mchoro wote mstari mweupe.

Kabla ya kulipa, piga picha ya mchoro na iangalie simuni ikiwa ndogo kama ukucha wa kidole gumba. Sikio lililokunjika lionekane bado. Halafu mpe mtoto wa jirani anayemfahamu Bosi, ukimchanganyia na michoro ya mbwa wengine wawili, bila kumdokezea. Akisita kati ya wawili, rudi kwenye nafasi ya masikio kwanza, kisha ukingo wa baka.

Mchoro ukikubalika, utume kwa fundi kwa Watsap kama hati, si kama picha, kwa sababu picha ya kawaida hubanwa na kingo za baka zikafifia. Mwombe achape jezi moja kwanza, na watoto waione wakiwa na Bosi mbele yao.