Umeshinda CMA, bosi kagoma kulipa: mkwanja unaupataje?

Wadau, watu wengi Mbeya na Iringa wanashinda kesi pale Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), wanapewa tuzo, halafu wanakaa wakisubiri simu ya bosi. Simu haiji. CMA ikishatoa tuzo kazi yake imeisha, haina askari wa kumfuata mtu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 89, inasema tuzo inakazwa Mahakama Kuu Divisheni ya Kazi, kama vile ni hukumu ya mahakama. Wa Mbeya anakwenda Mahakama Kuu Mbeya, wa Iringa anayo ya kwake palepale Iringa.

Tuseme jamaa alifukuzwa kiwanda cha mbao Mafinga, tuzo ni sh. 3,600,000. Anachukua nakala iliyothibitishwa, anafungua maombi ya kukaza tuzo kwa Naibu Msajili. Kwa kawaida bosi anaitwa aeleze kwa nini asilipe. Hapo ndipo anaposema, "Nimeomba mapitio." Kweli, anazo wiki 6 tangu apewe tuzo kuomba mapitio. Lakini kuomba tu hakuzuii chochote! Muulize amri ya mahakama ya kusimamisha utekelezaji iko wapi. Kama hana, songa mbele.

Sasa kazi ngumu: mahakama haimtafutii mtu mali, wewe ndiye unayeionyesha. Kwa maoni yangu akaunti ya benki ni bora kuliko gari. Gari linakamatwa na dalali wa mahakama, linapigwa mnada, na mara anatokea shemeji mtu na kadi akidai ni lake. Pesa ya benki inazuiwa kwa amri, kisha inahamishwa. Kama mshahara ulipitia benki, angalia karatasi za malipo au hundi ya zamani, mara nyingi utajua bosi anatumia benki gani.

Wengi wanakwama kwenye jina. Tuzo imeandikwa jina la kwenye bango la getini, akaunti ina jina la kampuni iliyosajiliwa BRELA. Benki itasema hatumjui huyo. Kwa hiyo hakikisha jina BRELA kabla hujajaza fomu ya CMA siku ya kwanza. Kosa dogo la uandishi linaweza kuombewa marekebisho CMA, ila kumbadilisha mdaiwa ni habari nyingine.

Kumfunga bosi kama mfungwa wa madai? Ipo kisheria, ila kampuni ni mtu wake na mkurugenzi ni mtu mwingine. Lazima uonyeshe kwamba anaficha mali makusudi nyuma ya kampuni. Halafu chakula chake gerezani unalipia wewe mdai, mshahara wenyewe hujapata.