Tendo la ndoa kwa mwenye maumivu sugu ya mgongo, viungo na uchovu

Maumivu ya mgongo yakidumu zaidi ya miezi 3 huitwa sugu, na kwa watu wengi yana mwelekeo. Kuna migongo inayouma ikiinamishwa na migongo inayouma ikibinuliwa. Mwenye mgongo wa aina ya kwanza huumia anapofua au kupiga deki, anapofunga kamba za viatu na anapokaa muda mrefu kwenye gari, lakini akisimama na kutembea kidogo hupata nafuu. Mara nyingi chanzo ni diski, yaani kile kitu laini kilicho kati ya pingili na pingili. Mwenye mgongo wa aina ya pili huumia anaposimama sana, anapoteremka mlima au anapolala kifudifudi, na nafuu yake ni kuketi au kuegemea mbele. Aina hii huwapata zaidi watu wa umri mkubwa, ambao njia ya mishipa ya fahamu mgongoni imekuwa nyembamba. Mkao unaomfaa mmoja unaweza kumtesa mwingine, kwa hiyo mwelekeo wa maumivu hujulikana kwanza, ndipo mkao uchaguliwe.

Kwa miaka mingi wagonjwa wote wa mgongo walishauriwa kulala ubavu, mume nyuma ya mke. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, Natalie Sidorkewicz na Stuart McGill, walipima kwa kamera na vihisi mwendo wa uti wa mgongo wa wanaume katika tendo lenyewe. Ilionekana kwamba mlalo wa ubavu humkunja sana mwanamume, hivyo haumfai anayeumia akiinama.

Mwanamume huyo hupata nafuu zaidi akipiga magoti nyuma ya mwenzake aliyepiga magoti na kuinama mbele. Akiwa juu ya mwenzake aliyelala chali, ni heri ajiinue kwa viganja kuliko kuegemea viwiko, kwa sababu viwiko huukunja mgongo. Katika mikao yote msukumo utoke kwenye nyonga na magoti, kiuno kikiwa kimetulia. Mwanamke anayeumia akiinama humfaa kulala ubavu bila kukunja sana mapaja, au kukaa kwa mikono na magoti. Akilala chali, asivute magoti kuelekea kifuani. Aweke khanga au taulo iliyoviringishwa chini ya kiuno, ili ule mpindo wa kawaida wa mgongo usipotee.

Kwa wanaoumia wakibinuka mambo hugeuka. Mwanamke hulala chali, magoti yamekunjwa, mto ukiwa chini ya makalio. Mwanamume hulala ubavu, au huketi kwenye kiti imara kisicho na mikono huku mkewe akiwa mapajani mwake. Kwa wote, inapowezekana, anayeumwa ndiye hutulia na mwenzake ndiye husogea.

Ugonjwa wa viungo huongeza swali la pili: kiungo kipi hakiwezi kubeba uzito au kufunguka? Nyonga iliyolika gegedu haipanuki vizuri, kwa hiyo kulala chali na kutanua mapaja huwa mateso. Mwanamke mwenye tatizo hilo hulala ubavu, nyonga yenye nafuu ikiwa chini, mto mnene ukiwa kati ya magoti, na mume huja kwa nyuma. Mwenye magoti mabovu huepuka kupiga magoti hata kwenye godoro laini. Mwenye vifundo vya mikono vilivyovimba huegemea mito badala ya viganja. Aliyebadilishiwa nyonga kwa upasuaji kwa kawaida husubiri takriban wiki 6, na humwuliza daktari wake ni mikunjo ipi imekatazwa, kwa kuwa nyonga mpya inaweza kuchomoka.

Saa nazo zina uzito wake. Baridi yabisi inayotokana na kinga ya mwili hukaza viungo asubuhi, mara nyingi kwa zaidi ya saa nzima, kwa hiyo adhuhuri au jioni mapema hufaa zaidi. Gegedu iliyolika kwa umri hukaza asubuhi kwa muda mfupi, kisha huuma kadiri siku inavyokwenda, na wenye nayo huwa wazima zaidi kabla ya mchana. Kuoga maji ya moto kwa dakika 10 hadi 15 hulegeza viungo.

Uchovu sugu una kosa lake maalumu. Siku ya nafuu mtu hufanya kila kitu kwa mkupuo, kisha hulala hoi siku 2, na mwili hujifunza kuliogopa tendo. Dawa yake ni kupima uwezo na kuacha akiba. Mtu huangalia ni dakika ngapi za mwendo huleta maumivu siku nzuri na siku mbaya, hutafuta wastani, kisha hutumia kama asilimia 80 yake. Muda huo ukiisha hupumzika au hubadili mkao hata kama hajaumia, maana akisubiri maumivu yaje atakuwa amechelewa.

Chukua mfano wa dereva wa lori anayeumia akiinama, na mkewe ambaye magoti yake yamelika. Mkao bora kwa mume ungemtaka mke apige magoti, naye hawezi. Suluhisho lao ni ukingo wa kitanda: mke hulala chali, makalio ukingoni, khanga iliyokunjwa chini ya kiuno, miguu juu ya viti viwili vyenye mito ili magoti yasibebe kitu. Mume hupiga magoti sakafuni juu ya mto, mgongo wima, na husogea kwa nyonga. Kitanda kikiwa juu sana, huongeza mto mwingine chini ya magoti yake. Kikiwa chini sana atalazimika kuinama, na mkao huo hautamfaa. Siku nzuri huvumilia dakika 10, siku mbaya 6. Wastani ni 8, kwa hiyo huanza na 6, kisha hulala pembeni wakiendelea kwa mikono na midomo. Kesho yake mgongo usipozidi kuuma kwa mara kadhaa mfululizo, huongeza dakika moja. Ukizidi, hupunguza muda au hurekebisha mito.

Parasetamoli ikimezwa nusu saa hadi saa moja kabla, kwa kipimo cha kawaida, huwasaidia baadhi ya watu. Dawa nyingine, kama tramadoli na amitriptilini, zinaweza kupunguza hamu, kudhoofisha usimamaji wa uume au kuchelewesha kilele. Mgonjwa asiziache ghafla. Amweleze daktari, kwani kipimo au dawa yenyewe inaweza kubadilishwa. Baadhi ya magonjwa ya viungo hukausha uke, na hapo kilainishi cha maji huondoa msuguano. Mafuta ya nazi au ya mgando hudhoofisha kondomu za mpira, kwa hiyo havitumiki pamoja.

Maumivu yanayorudi katika kiwango chake cha kawaida ndani ya siku moja huonyesha kwamba kipimo kilizidi kidogo tu. Lakini ganzi sehemu za siri au kati ya mapaja, kushindwa kukojoa au kuzuia mkojo na choo, miguu yote miwili kuishiwa nguvu, au uume kushindwa kusimama kwa ghafla pamoja na maumivu ya mgongo ni dalili za mishipa ya fahamu kubanwa chini ya uti wa mgongo. Mwenye dalili hizo hufikishwa hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu mishipa ikikaa imebanwa huenda isipone tena.