Mpango wa sampuli za kupokea shehena

Mpango wa sampuli za kupokea shehena ni kanuni ya kuamua kama shehena nzima ipokelewe au ikataliwe kwa kukagua sehemu yake tu. Kanuni hiyo ina namba mbili: idadi ya vitu vinavyokaguliwa (n) na idadi ya juu ya vibovu vinavyoruhusiwa (c).

Kwa mfano, mnunuzi mjini Tunduma, mkoani Songwe, mpakani na Zambia, analetewa magunia 600 ya mahindi. Anachagua 50 kwa bahati nasibu na kuchoma kila moja kwa bambo. Akikuta gunia bovu 1 au asipokuta lolote, anapokea shehena. Akikuta 2 au zaidi, anaikataa. Hapa n = 50 na c = 1.

Kama mabovu yote ni 6, shehena za namna hiyo hupokelewa takriban mara 92 kati ya 100. Mara 8 muuzaji hukataliwa ingawa mzigo wake ni mzuri. Kama mabovu ni 48, shehena bado hupita mara 7 hivi, na hasara ni ya mnunuzi. Kupunguza c humlinda mnunuzi, lakini huongeza hatari kwa muuzaji.

Hesabu hizi hazifai kama magunia yamechukuliwa mlangoni mwa lori tu, kwa sababu mabovu huweza kufichwa chini.