Mvuje Unapopukutisha Majani Mwezi Julai

Nairobi, mwezi Julai, mvuje ulioota vizuri tangu Machi huanza kupukutika. Chukua mfano wa mti wa mita moja na nusu, ulio kwenye chungu cha lita 40 kibarazani. Majani ya chini yanageuka manjano, kisha kila upepo unaondoka na mengine. Mwenyewe anadhani mti una kiu au njaa, anaongeza maji na mbolea. Hapo ndipo matatizo yanapoanza.

Mvuje, mti wa majani ya kutia kwenye mchuzi, asili yake ni India na Sri Lanka, na hupenda joto. Usiku wa Nairobi ukishuka karibu nyuzi 10, mti huacha kukua na mizizi hunywa maji kidogo sana. Udongo wa chungu kikubwa hukaa na unyevu siku nyingi, mizizi ikakosa hewa na kuoza. Dawa ni kuchomeka kidole: kama udongo ni mbichi kwenye kina cha sentimita tano, usimwagilie. Kwangua gome kidogo kwa ukucha. Ukiona kijani, mti uko hai, hata ukibaki fimbo tupu. Ukiona kahawia kavu, jaribu chini zaidi.

Mwanga nao una neno lake. Kibaraza kisichopata jua la saa sita hivi kwa siku hutoa mti mrefu, mwembamba, wenye kichungu cha majani juu tu.

Kupogoa kungoje Septemba, joto linaporudi na vichipukizi vinapoonekana. Kwa mkasi mkali uliosafishwa, kata ncha ya shina kuu kwenye theluthi ya juu, sentimita moja hivi juu ya kifundo cha jani. Ncha ikiondoka, vichipukizi vilivyolala chini yake huamka, na tawi moja huwa mawili au matatu. Matawi hayo yakirefuka, yakatwe ncha vilevile. Mti mgonjwa usikatwe zaidi ya theluthi kwa mara moja, maana majani yaliyobaki ndiyo yanaoulisha.

Mbolea ifuate baada ya machipukizi kuonekana, si kabla. Tandaza samadi iliyooza vizuri, unene wa vidole viwili, mbali kidogo na shina. Baada ya hapo, kijiko kimoja cha chai cha CAN kila wiki sita kinatosha chungu cha ukubwa huo, kwenye udongo uliolowa. Ikizidi, chumvi huunguza mizizi na majani hukauka kingo.

Hata rangi ya manjano ina maana zake. Majani ya zamani yakififia yote, nitrojeni imepungua. Majani machanga yakiwa manjano huku mishipa ikibaki kijani, kinachokosekana ni chuma, mara nyingi kwa sababu udongo una chokaa nyingi. Hapo CAN, yenye chokaa ndani yake, haifai, bora mbolea ya michungwa yenye chuma.

Na mpishi asichume kijani kimoja kimoja: akate kikonyo kizima na ncha ya tawi, kazi ya kupogoa itakuwa imeshafanyika kwa ajili ya mchuzi wa jioni.