Kope Zikilegea Baada ya Mlo, Usingoje Kupambazuke

Mwezi Oktoba mwaka 2008 wanafunzi 3 wa shule moja ya bweni nchini Uganda walilazwa hospitalini, na mmoja wao akafariki. Ugonjwa ulikuwa botulizimu, sumu ya chakula inayolegeza misuli. Wachunguzi walipofuatilia walichokula, waligundua kwamba wote watatu walikuwa wameonja kitoweleo kimoja cha mafuta kilichotengenezwa nyumbani, kile ambacho watoto hubeba shuleni ili chakula cha kila siku kipate ladha. Kilikuwa kisa cha kwanza cha chakula chenye sumu hii kuthibitishwa nchini humo.

Mama wa Shella, kule Malindi, hataona ajabu yoyote katika kitoweleo hicho. Shule zikifunguliwa, naye humfungia mwanawe chupa ya achari ya embe, na pengine chupa ya pilipili na kitunguu saumu zilizozamishwa katika mafuta. Chupa hizo mbili zinafanana mezani, lakini hazifanani hata kidogo kwa hatari. Achari iliyotiwa ndimu au siki ya kutosha ina ukali ambao kijidudu cha botulizimu hakiwezi kukua ndani yake. Ile ya mafuta haina ukali huo, na mafuta yenyewe huzuia hewa. Kijidudu hiki hupenda pasipo hewa. Mbegu zake hukaa udongoni, kwa hiyo hupanda jikoni pamoja na kitunguu saumu, na kuchemsha kwa kawaida hakuziui. Chupa ikikaa siku kadhaa katika joto letu la pwani, au ndani ya sanduku la bati bwenini, mbegu huamka na kutoa sumu. Mara nyingi hutasikia harufu wala ladha yoyote ya kukuonya.

Samaki nao wamo. Nchini Misri mwaka 1991, samaki wa kuchachushwa kwa chumvi waitwao fesikhi waliwalaza watu 91 hospitalini, na 18 wakafa.

Sasa tuseme kijana wako amekula kitoweleo cha namna hiyo Jumamosi usiku. Jumapili mchana anatapika na tumbo linamsokota, nawe unadhani ni chakula kilicholala tu. Jioni anasema anaona vitu viwili viwili, au maandishi ya kitabu yana ukungu. Kope zinashuka kama za mtu mwenye usingizi, kinywa kimekauka, sauti imekuwa nzito na mate hayamezeki vizuri. Baadaye shingo na mikono inalegea, kisha miguu. Udhaifu huu huanza usoni na kuteremka. Kwa kawaida dalili huanza kati ya saa 12 na 36 baada ya kula, ingawa zinaweza kuchelewa siku kadhaa.

Jambo linalowapoteza watu ni kwamba mgonjwa hana homa na akili yake ni timamu. Jirani atasema amelewa, mwingine atasema amepandwa na shetani, na mzee akipatwa ataambiwa ni kiharusi. Muulize mgonjwa mwenyewe: anakusikia na kukuelewa, ila misuli haimtii.

Kinachoua ni misuli ya kifua kushindwa kuvuta pumzi, na hilo laweza kufika kabla ya alfajiri. Iko dawa ya kupambana na sumu hii, lakini huikamata sumu ambayo bado inazunguka katika damu. Ile iliyokwisha kushika mishipa ya fahamu haing'oki. Mgonjwa aliyelegea kabisa hulazimika kupumuliwa na mashine kwa wiki nyingi, wakati mwingine miezi, mpaka mishipa ijirekebishe. Ndiyo maana dawa hutolewa kwa dalili tu, bila kungoja majibu ya maabara. Na ndiyo maana kutoka Shella unakwenda hospitali ya Malindi usiku uleule, ili kama mashine inahitajika Mombasa, safari ile ya kilomita zipatazo 120 ianze mgonjwa akiwa bado anapumua mwenyewe.

Usimpe maziwa, maji wala dawa ya kienyeji ikiwa kumeza kunamshinda, kwani vitaingia mapafuni. Akae nusu kiti, au alale ubavu akitapika. Mwambie daktari waziwazi: “Ametapika, anaona viwili viwili, na alikula chakula hiki siku fulani.” Waliokula naye waende pia, hata kama hawajambo.

Kwa mpishi: kitoweleo cha mafuta chenye kitunguu saumu kitengeneze kidogo, kiweke ndani ya friji, na kimalizwe kwa siku 4. Cha kupeleka bwenini kiwe cha siki au ndimu. Chakula cha chupa kikikutia shaka, usikionje kwa ncha ya ulimi. Kiasi kidogo sana chatosha kudhuru.

Lakini mtu akiwa amekwisha ugua, usiitupe ile chupa. Ifunge ndani ya mifuko miwili ya plastiki, nawa mikono kwa sabuni, na uende nayo hospitalini, kwani maabara itaihitaji.