Mstari Mmoja katika Daftari la Ploti

Mwanachama wa ushirika wa nyumba nchini Kenya akiuliza, "Nimebakiza ngapi?", karani hufungua daftari la ploti na kumsomea salio. Lakini tarakimu hiyo peke yake haimwambii mnunuzi kama yuko salama.

Tuchukue mfano wa ploti nambari 27. Bei ni shilingi 700,000. Mnunuzi alitanguliza 160,000 Desemba, na zile 540,000 zilizosalia akapangiwa awamu 18 za 30,000 kila mwisho wa mwezi, kuanzia Januari. Kufikia mwisho wa Julai alitakiwa awe ametoa 370,000. Daftari linaonyesha 310,000, kwa hiyo salio ni 390,000. Katika salio hilo, 330,000 muda wake haujafika. Ni 60,000 tu, awamu mbili, zilizopitisha tarehe, na hizo ndizo zinazoweza kumletea barua ya kunyang'anywa ploti. Daftari lisilo na safu ya malimbikizo humchanganya anayelipa vizuri na anayesuasua.

Huenda hata hizo awamu mbili zililipwa. Mtu hutuma pesa kwa M-Pesa, na penye nambari ya ploti akaandika jina la mtoto wake. Pesa huingia benki lakini hazipati mstari wa kuandikwa, zikawekwa kando kama malipo yasiyo na mwenyewe. Ndiyo maana jumla ya malipo ya mistari yote, ukiongeza hayo ya kando, lazima ilingane na pesa za ploti zilizoingia benki. Daftari likizidi benki, na hakuna malipo yaliyo njiani, uliza ni nani aliyepokea pesa taslimu akatoa risiti bila kuzipeleka.

Safu ya ukubwa nayo ina mtego wake. Ploti ya "hamsini kwa mia" huuzwa kwa jina la moja ya nane ya ekari. Futi 50 kwa 100 ni kama mita 464 za mraba, ilhali moja ya nane kamili ya ekari ni karibu 506. Hatimiliki huandika hekta, na mnunuzi aliyetarajia 0.05 hushtuka kuona 0.046 au pungufu, baada ya barabara kukatwa. Afadhali daftari liandike vipimo viwili: cha mauzo na cha savea.

Mimi daftari lililopangwa kwa majina ya wanachama silipendi. Lipangwe kwa nambari za ploti, ndipo nambari 27 ikiuzwa mara mbili majina mawili yatakutana ukurasa mmoja. Na mnunuzi wa kwanza akishindwa, mstari wake usifutwe. Ufungwe kwa tarehe, pamoja na kiasi alichorudishiwa na sahihi yake, kabla jina jipya halijaandikwa chini yake.