Ekskaveta Ikiuzwa Kabla ya Nyingine Kununuliwa

Mwenye kampuni ya kukodisha mitambo Kahama, anayeuza ekskaveta iliyochoshwa na machimbo ya dhahabu ya Geita, huona kuwa amepata hasara kwa sababu ameiuza chini ya bei aliyoinunulia, ilhali sheria ya kodi huilinganisha bei ya kuuzia na thamani ya kikodi, yaani gharama iliyosalia baada ya makato ya uchakavu ya kila mwaka.

Jedwali la Tatu la Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 linaiweka mitambo ya kuchimbua ardhi katika daraja la kwanza, ambalo makato yake ni asilimia 37.5 ya thamani iliyobaki. Ekskaveta iliyonunuliwa kwa shilingi milioni 400, kwa hiyo, hubaki na milioni 250 baada ya mwaka wa kwanza, milioni 156.25 baada ya wa pili, na takribani milioni 97.7 baada ya wa tatu. Ikiuzwa mwaka wa nne kwa milioni 180, nayo ni mali pekee ya daraja hilo, ziada ya milioni 82.3 huingizwa katika mapato, na kwa kiwango cha asilimia 30 cha makampuni huweza kuzaa kodi ya karibu milioni 24.7.

Mhasibu mmoja anayewatunzia vitabu wenye mitambo wa Kahama na Katoro anasisitiza kuwa jambo linalowaumiza wateja wake ni tarehe zaidi ya bei. Mali zote za daraja moja huhesabiwa katika fungu moja, na ununuzi wa mwaka huongezwa kwenye fungu hilo kabla ya kupima kama mauzo yamelizidi. Aliyenunua ekskaveta nyingine ya milioni 350 kabla ya tarehe 31 Desemba, kwa mwenye hesabu za mwaka wa kalenda, hubaki na fungu la milioni 267.7 bila ziada yoyote. Aliyeinunua Januari, hata kwa fedha zilezile za mauzo, hudaiwa kwanza, kisha hufidiwa polepole kwa makato makubwa zaidi ya miaka inayofuata. Anayekosa fedha za kungojea fidia hiyo ndiye anayeumia kweli.

Upande wa hasara nao una ukali wake. Ekskaveta ileile ikiuzwa milioni 60 huku kampuni ikibaki na pikapu ya daraja hilohilo, upungufu wa milioni 37.7 haukatwi mara moja, bali hubaki ndani ya fungu na kupungua kwa asilimia 37.5 kila mwaka. Salio lote hukatwa kwa mkupuo pale mali zote za fungu zinapokuwa zimeondoka.

Mhasibu huyo ana swali ambalo hesabu hizi hazilijibu: mtambo ulioagizwa kwa dola ukipanda bei sokoni kwa sababu shilingi imeshuka, na thamani yake ya kikodi ikabaki katika shilingi za zamani, ni kiasi gani cha ziada inayotozwa ambacho mwenye mtambo amekipata kweli?